UZI: Taimtebo yangu ya mitihani ilikufa Jumanne saa tatu asubuhi

Kijana_wa_Zima
Sasa wadau. Juzi tukibishana hapa mambo ya taimtebo za mitihani niliahidi kuleta yangu, leo nimepata nafasi. Ni ndefu, wenye haraka pitieni tu.

Niko mwaka wa pili, nasomea biashara, chuo sitaji. Naishi Zimmerman kwa bedsita na rumeti mmoja. Wiki hiyo nilikuwa na pepa nne, Jumatatu sheria, Jumatano maikro, Alhamisi kosting, Ijumaa takwimu. Jumanne haikuwa na pepa kwa hivyo ndiyo niliibebesha mzigo wote. Nilichora kwa karatasi ya grafu na rula, rangi tatu, kuanzia saa kumi alfajiri mpaka saa tano usiku, kila boksi saa moja. Jumanne peke yake maboksi 14, kumi na moja ya maikro na matatu ya takwimu. Nikabandika ukutani nikapiga picha nikatuma kwa grupu ya klasi, watu wakanipea moto mingi, nikalala nikijiona kama nimeshapita.

Jumatatu sheria ikaenda sawa. Usiku saa mbili stima ikapotea ploti nzima, simu iko asilimia tisa, nikasema haina neno nitalala mapema niamke saa kumi. Simu ikazima usiku na alamu yake. Niliamka saa mbili kasoro, stima imerudi, taa inaniwakia usoni, maboksi matatu yameshaenda na sijanawa hata macho. Nikachaji simu, saa tatu repu wa klasi akatuma picha ya notisi, takwimu na kosting zimebadilishana siku. Takwimu sasa ni Alhamisi asubuhi. Na takwimu ndiyo nilikuwa nimeipangia Alhamisi mchana wote!! Bado natazama ile notisi kama itabadilika nikiikodolea vizuri, matha akapiga. Shosho ametoka Murang'a, yuko stejini na mfuko wa avokado, ana kliniki ya macho, na binamu aliyefaa kumpeleka hashiki simu. Hiyo nayo utakataa aje.

Foleni ya kliniki, mvua, halafu jam, kutoka Pangani mpaka Roysambu tulikaa saa mbili ndani ya mathree. Nilikuwa natoa simu kuangalia saa kila dakika, shosho akaniuliza, "Wewe ni nini unafukuza? Gari ndio hilo limesimama, hata ukitazama saa halisongi." Nilifika nyumba saa moja jioni. Maboksi 14, nilikuwa nimefanya moja na nusu.

Naendelea, wacha nile.

Kesha_Mpaka_Che
Hapo dawa ni moja tu, unakesha. Kahawa mbili, miguu kwa beseni la maji baridi, saa moja jioni mpaka saa kumi na moja ni masaa kumi, maboksi yako karibu yote yanaingia. Mimi nilimaliza digrii hivyo.

Binti_Umoja
Pole sana. Kwani hukuomba mtihani spesho? Mimi nilipougua walinipea, unapeleka barua ya daktari kwa idara kabla ya pepa, si baada. Shosho si amekuwa kliniki, hiyo barua ingetosha.

Kijana_wa_Zima
@Binti_Umoja hapana, pepa sikukosa hata moja dada. Nilichokosa ni siku ya kusoma. Na mgonjwa ni shosho, si mimi, hiyo barua wangeniuliza ni macho ya nani.

@Kesha_Mpaka_Che hicho ndicho nilianza nacho, sasa sikiliza ilivyoenda.

Nilichukua biro nyekundu nikaanza kuchora mishale. Boksi la saa kumi alfajiri linahamia saa moja jioni, la saa kumi na moja linahamia saa mbili, hivyo hivyo mpaka usiku wote ukajaa na bado matatu yamekosa pa kuingia, nikayasukuma Jumatano, ya Jumatano nikayasukuma Alhamisi. Karatasi ikawa kama mkeka uliotafunwa na panya. Nilipoinua kichwa ilikuwa saa mbili kasoro dakika ishirini. Dakika arobaini, mishale tu.

Rumeti wangu alikuwa amelala anatazama dari. Huyo mwaka jana alibeba sapu mbili kwa hivyo huwa hapendi kushauri mtu. Akaniuliza, "Pepa ya kesho unajibu maswali mangapi?"

Nikamwambia matatu.

"Na hizo topiki kumi na moja ni za nani?"

Nilikasirika kwanza. Halafu nikatoa pasti pepa za maikro, nilikuwa nazo tatu, nimezifotokopi mwezi mzima uliopita na sikuwa nimezifungua. Muundo ni ule mnaoujua, masaa mawili, swali la kwanza la lazima alama 30, halafu unachagua mawili kati ya manne, kila moja alama 20. Jumla 70, na 30 zingine ni za kat. Nilipiga mistari kwa karatasi, kila topiki na mara ilizotokea. Elastisiti ilikuwa kwa zote tatu. Gharama za uzalishaji zote tatu. Monopoli na soko la ushindani kamili zote tatu, mara moja hata zikiwa swali moja. Tabia ya mnunuzi na zile kurva zake mara mbili. Zilizobaki saba zilikuwa zinaonekana kama vipande vya alama nne nne ndani ya swali la kwanza, au hazionekani kabisa.

Ndipo nikahesabu masaa, lakini yale yaliyopo kweli. Kutoka saa mbili usiku mpaka saa tatu asubuhi ni kumi na tatu. Toa usingizi sita. Toa chakula, kuoga na mathree ya kwenda chuo ambayo asubuhi na mvua siwezi kuipa chini ya saa moja na nusu. Toa ile nusu saa ya kukaa nje ya holi na watu wanaulizana maswali ya kukuchanganya. Zikabaki tano. Hapo napo nikijijua mwenyewe, saa nzuri zilikuwa nne.

Topiki nne, masaa manne. Mishale yote nikaitupa.

Kesha_Mpaka_Che
Usingizi sita usiku wa mtihani?? Wewe ni waziri?

Mwalimu_wa_Jioni
Mimi nimefundisha watu wazima masomo ya jioni hapa mjini miaka mingi, na hiyo ya mishale naiona kila muhula. Mtu akichelewa hachukulii kwamba kazi imezidi muda, anachukulia kwamba muda umepotea na unaweza kulipwa, kama deni. Masaa ya Jumanne hayalipiki. Yameenda. Kilichobaki ni kuuliza kazi gani itoke.

Na kosa halikuanza Jumanne. Lilianza siku ya rula. Kuna utafiti maarufu wa 1994, Buehler na wenzake, wanafunzi wa Kanada waliokuwa wanaandika tasnifu waliulizwa watamaliza siku ngapi. Walisema kwa wastani kama siku 34. Wakaulizwa tena, na kila kitu kikienda vibaya kabisa je? Wakasema kama 49. Walitumia 55. Yaani hata walipojaribu kuwaza mabaya, mabaya yenyewe yaliwapita. Sasa wewe hukuwaza mabaya hata kidogo, maboksi 14 bila hata moja tupu, kwa mji wenye mvua na jam.

@Kesha_Mpaka_Che una nusu ya ukweli. Kwa pepa ya kukariri orodha, mtu anaweza kukesha akazitapika asubuhi. Kwa pepa ya hesabu, asubuhi yake anaandika minasi badala ya plasi, halafu anashangaa jibu linakataa. Na huyu kijana alikuwa na pepa siku tatu mfululizo. Ukikesha Jumanne, Jumatano jioni unalala na kitabu kifuani, na Jumatano jioni ndiyo alikuwa anaihitaji zaidi.

Kesha_Mpaka_Che
Mwalimu mimi sikusoma hesabu, nilisoma historia, labda ndio maana ilinifanyia.

Fundi_Kariobangi
Kwa hiyo pasti pepa naona watu hawasemi hatari yake. Mimi nilikuwa na yuniti moja lekchara alikuwa anarudia maswali kama redio, miaka minne. Nikasoma zile tu. Mwaka wetu wakaleta lekchara mwingine, pepa haikufanana na kitu. Nikapata 31. Kwa hivyo ukisema topiki imetoka mara tatu kati ya tatu, uliza kwanza nani ameitunga mara hizo tatu.

Kijana_wa_Zima
@Fundi_Kariobangi ni kweli, na yangu nilikuwa na bahati lekchara ni yule yule. Lakini kuna kitu kingine nilifanya, niliangalia na notsi za wiki mbili za mwisho na maswali ya kat. Kama topiki iko kwa pasti pepa na aliikalia darasani siku mbili, hiyo nikaiweka mbele.

Maikro ikaenda vizuri kuliko nilivyotarajia, elastisiti na monopoli zikatoka. Swali la kwanza kuna vipande viwili sikujua hata vinauliza nini, nikaandika sentensi mbili mbili nikasonga.

Sasa Jumatano mchana ndiyo kazi yenyewe, ju takwimu ilikuwa kesho yake na mimi takwimu nilikuwa nimeiogopa tangu wiki ya kwanza. Nilipofika nyumba sikugusa taimtebo. Nilichukua karatasi safi nikaandika kat zangu: takwimu 11 kati ya 30, kosting 22 kati ya 30. Kupita ni 40. Kwa hivyo takwimu nahitaji 29 kwa pepa ya 70, kosting nahitaji 18. Nilikuwa nimezipa masaa sawa kwa ile karatasi ya rangi tatu! Sawa kabisa, tena kosting ilikuwa imezidi kidogo kwa sababu naipenda.

Nikasema leo yote ni takwimu, kosting itasubiri Alhamisi mchana. Kutoka saa nane mpaka saa nne usiku ni masaa manane, nikapanga sita tu. Mawili nikayaacha bila jina. Na sikuandika saa kwa kila topiki, niliandika foleni tu, ya kwanza probabiliti, ya pili nomo distribiusheni, ya tatu regresheni, ya nne kupima haipothesisi, ya tano vile vitu vidogo. Ikiisha moja naingia kwa inayofuata. Kitu kikitokea, foleni inakatwa mkia, kichwa hakiguswi.

Mama_Watatu
Hapo kwa foleni umenigusa. Mimi nasomea CPA na niko kazini na watoto watatu, yangu haijawahi kufika Jumanne, inakufa Jumatatu jioni kwa homuwaki ya mtu wa gredi ya nne. Nilijaribu kupanga kwa saa nikaacha, saa si zangu. Lakini nikuulize, ukipanga kwa foleni unajuaje topiki imeisha? Mimi nakaa na ya kwanza siku tatu najiambia bado sijaishika vizuri.

Kijana_wa_Zima
@Mama_Watatu swali zuri mama, na mimi hapo ndipo nilikwama masaa mawili ya kwanza. Nilisoma probabiliti kwa notsi, kila mfano naitikia kwa kichwa, nikahesabu imeisha. Rumeti akaniambia funga daftari ufanye swali moja la pasti pepa. Nilifika mstari wa pili nikasimama. Sikujua nianze kuzidisha au kujumlisha. Nilikuwa naelewa ya lekchara, yangu sikuwa nayo.

Kwa hivyo nikabadilisha. Masaa mawili kwa alama 70 ni kama dakika moja na sekunde arobaini kwa alama, swali la alama 20 ni dakika 34, lile la 30 ni dakika 51. Naweka simu dakika 34, daftari limefungwa, naandika. Likilia naangalia nimefika wapi. Nikipata karibu 12 kati ya 20 topiki imeisha, naenda mbele hata kama roho haitaki. Chini ya hapo narudi kwa kile kipande kilichonikwamisha peke yake, si topiki yote. Kwa regresheni kwa mfano fomula nilikuwa najua, kumbe kilichokuwa kinanila ni lile jedwali, nilikuwa najumlisha x halafu nazipigia skwea badala ya kuzipigia skwea moja moja ndio nijumlishe. Kitu cha dakika kumi. Ningesoma ile sura yote tena nisingekiona.

Mwalimu_wa_Jioni
Hilo kosa la skwea nalijua kwa majina ya watu.

Lakini nikupinge mahali pamoja. Kuhesabu kwamba takwimu unahitaji 29 na kosting 18 ni njia nzuri ya kugawa masaa, si njia ya kulenga. Ukilenga 29 utapata 24. Kuna vipande utaviona rahisi na msahihishaji ataviona tofauti. Halafu kuna vyuo vinavyotaka uwe na alama fulani kwa pepa yenyewe bila kujali kat, angalieni kanuni zenu kabla ya kupiga hesabu hizi. Weka angalau kumi juu.

Kijana_wa_Zima
@Mwalimu_wa_Jioni hilo la kanuni sikuwa nalijua mwalimu, niliuliza baadaye, kwetu haiko. Lakini ningekuwa nimekosea vibaya.

Basi Jumatano saa moja na nusu jioni, niko katikati ya regresheni, stima ikapotea tena. Walahi nilicheka. Nilikaa kwa giza nikangoja ile hasira ya Jumanne, haikuja, ju nilikuwa na yale masaa mawili yasiyo na jina. Nikashuka kwa kibanda cha chini nikala chapo madondo, nikampigia shosho kuuliza dawa ya macho. Stima ikarudi saa tatu. Nikakata mkia, vitu vidogo vyote vikaenda, nikafanya haipothesisi nusu, nikalala saa tano. Ile nusu nyingine ya haipothesisi ilitoka kwa swali la nne na sikulichagua.

Binti_Umoja
Na kosting je? Uliisoma saa ngapi sasa, na umesema uliipea Alhamisi mchana tu?

Kijana_wa_Zima
Alhamisi mchana na asubuhi ya Ijumaa kidogo. Ilitosha, lakini nilikuwa nimechoka mpaka kwa ripoti ya gharama nikasahau kuandika jina la kampuni juu ya jedwali.

Fundi_Kariobangi
Sasa leta matokeo tuone kama hizi hesabu zako ni za kweli ama ni hadithi.

Kijana_wa_Zima
Sheria 54. Maikro 57. Takwimu 46, yaani 35 kwa pepa.

Kosting ni mising maksi.

Kesha_Mpaka_Che
46 ni D mzee. Ungekesha ungepata 50.

Mwalimu_wa_Jioni
Ama 30. Hilo hatutajua.

Mama_Watatu
Hapo kwa 12 kati ya 20, unajisahihisha mwenyewe? Mimi huwa najipendelea, najipa kumi na nne kwa kitu cha tisa.

Kijana_wa_Zima
Rumeti ndiye alikuwa anasahihisha, na ni mkali huyo. Yake nami nasahihisha.

@wote mising maksi ya kosting nishauliza kwa idara, wameniambia nilete karatasi ya kat kama bado ninayo. Nimepata ukurasa mmoja, ule wa pili sijui uko wapi. Kesho saa mbili niko mlangoni, mvua isiponyesha.

Binti_Umoja
Fotokopi hiyo ukurasa kabla hujawapa.